Kabla hujalipia programu ya kuvalisha gauni mchoro wako, uliza kipimo

Mteja alifungua mfuko, akalitandaza gauni juu ya meza, kisha akaniuliza, "Dada, haya ndiyo maua niliyoyaona kwenye picha?" Kwenye picha ua lilijaa kifua kizima. Kwenye kitambaa lilikuwa dogo kama kiganja cha mtoto. Gauni nililibeba mimi, na hasara pia.

Kosa lilianzia kwenye programu ya simu niliyoilipia mwaka mzima. Unaandika "maua mekundu", unaweka picha ya mtu, inakurudishia gauni limevaa maua. Sikujua kwamba kila picha inachora maua yake upya. Faili niliyompelekea mchapaji wa kitambaa na picha aliyoiona mteja vilikuwa vitu viwili tofauti. Tangu siku hiyo natengeneza kwanza kipande kimoja kinachojirudia bila kuonyesha maungio, ndipo nakivalisha kwenye picha. Kipande hichohicho ndicho kinachokwenda kuchapwa.

Wauzaji wote watakuonyesha kwamba maungio hayaonekani. Hilo siku hizi si la kujivunia. Cha kuuliza ni hiki: je, programu inaniruhusu kupanga mchoro ujirudie kila baada ya sentimita ngapi mwilini?

Chukua gauni langu. Kutoka bega hadi kiuno ni sentimita 40, na kwenye picha umbali huo ni pikseli 800. Kwa hiyo sentimita moja ni pikseli 20. Kitambaa kitachapwa kikijirudia kila sentimita 24, maana yake kwenye picha kipande kiwe na upana wa pikseli 480. Kipande kilichotengenezwa kina pikseli 1024, hivyo nakipunguza hadi asilimia 47. Ukikiacha kilivyo, kitajirudia kila sentimita 51, na hapo ndipo ua linapojaa kifua. Pima sehemu iliyo sambamba na kamera, si mkono ulionyooshwa mbele.

Kutengeneza kipande, natumia Midjourney na sijuti. Unaongeza neno moja mwishoni:

```
red hibiscus, flat two-colour print --tile
```

Ukikipata, kipange tatu kwa tatu, kisha usogee mbali na skrini. Kingo zinaweza kuungana vizuri lakini kona moja ikawa na giza kidogo. Ikijirudia mara tisa inakuwa mistari kama ya shuka. Kikiwa hivyo, kitupe utengeneze kingine.

Kuvalisha, namba moja kwangu ni Photoshop, na napendelea waziwazi. Sababu ni kitufe kimoja: safu ya `Pattern Fill` ina `Scale` ya asilimia. Naandika 47, basi. Mteja akitaka maua madogo zaidi nabadilisha namba, nayo nikishaigeuza kuwa sentimita nampelekea mchapaji. Mikono naipa safu yake na kuigeuza pembe, kwa sababu fundi hukata mkono peke yake. Maua yakipita begani bila kukatika, mshonaji yeyote atajua ni uongo. Kisha safu naiweka `Multiply` ili vivuli vya mikunjo vipenye, na `Displace` inapinda maua kufuata mikunjo. Ramani inayoielekeza `Displace` ipinde wapi ni nakala ya picha isiyo na rangi, iliyofifishwa kidogo na kuhifadhiwa kama PSD; usipoififisha, nyuzi za kitambaa zitayatafuna maua kingoni. Na mtu apigwe picha akiwa na gauni jeupe. Juu ya gauni la bluu, `Multiply` itakupa maua mekundu yaliyoiva kama damu iliyoganda.

Namba mbili ni Affinity, ambayo tangu mwishoni mwa 2025 ni ya bure. `Displace` yake inasoma mikunjo moja kwa moja kutoka safu za chini, na hapo inaishinda Photoshop. Ila ukubwa wa mchoro nimezoea kuuvuta kwa kona, na jicho linadanganya.

GIMP na Photopea zinafanya kazi kama huna haraka. Krita nzuri kwa kuchora kipande kwa mkono, bonyeza `W` ukione kikijirudia.

Kanga usiijaribu kwa njia hii. Ina pindo, mji na jina. Ukiikata iwe kipande cha kujirudia, jina litajiandika mpaka mgongoni. Vitenge ndivyo vinavyokubali.

Sasa hawa wauzaji wa "bonyeza mara moja", kama wa ile programu yangu ya simu. Bei wanaitaja kwa mwezi, kadi inakatwa ya mwaka, tena kwa dola, na benki inaongeza makato yake juu. Nilipoandika kuomba kusitisha, nikajibiwa kwa kupewa punguzo la mwaka wa pili. Kitufe cha kujitoa nilikikuta chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu.