Korosho za chumvi, karanga za mayai na karanga mbichi: nilichokiona kwenye lebo

Nimelinganisha pakiti tatu kwa lebo zake, na kosa rahisi kuliko yote ni kulinganisha namba zisizo za kipimo kimoja. Lebo ya korosho za chumvi inasema sodiamu miligramu 120, unaona ni kidogo. Lakini hiyo ni kwa gramu 30, na pakiti ina gramu 50. Ukiila yote umepata miligramu 200. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 500, yaani nusu gramu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kwa hiyo vitafunwa hivyo peke yake vimeshachukua sehemu ya kumi.

Karanga za mayai ndizo zinazodanganya zaidi. Lebo yake inaonyesha mafuta gramu 28 kwa gramu 100, wakati karanga mbichi zina karibu 49. Mtu atadhani hizi ni nyepesi. Sivyo. Viambato vimeandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito: karanga (50%), unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, chumvi. Nusu ya pakiti si karanga, ndiyo maana mafuta yameshuka. Nusu hiyo ya karanga ingeleta gramu 24 hivi. Zilizobaki ni za mafuta ya kukaangia, na kidogo sana za unga.

Sukari nayo ihesabu hivyo hivyo. Lebo inasema gramu 18. Karanga zenyewe zina sukari ya asili, gramu 4 hadi 5 kwa kila gramu 100, hivyo nusu yake inaleta kama 2. Gramu 16 zinazobaki ni za ganda: vijiko vinne vya chai.

Kwa korosho, namba ya mafuta haikusaidii, kwa sababu korosho mbichi tayari zina gramu 44 hivi na kukaangwa huongeza chache tu. Tazama viambato. Likiwepo jina la mafuta yoyote, yameongezwa.

Karanga mbichi zina kiambato kimoja, na sodiamu yake haifiki miligramu 20 kwa gramu 100. Hizo ndizo ninazonunua, ila chagua kwanza: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, maana sumukuvu haiishi kwa kukaanga.

Ukitaka za chumvi bila mafuta, usinyunyize chumvi kavu. Haishiki, utaikuta yote chini ya chombo. Yeyusha robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye vijiko viwili vya maji, changanya na nusu kilo ya karanga, kisha kaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya ngozi kama vumbi jeupe. Sodiamu inakuja karibu miligramu 120 kwa gramu 100, badala ya 400 za zile korosho.