Salio lilijumlika vizuri, yuro zilikuwa pungufu: uzoefu wangu na akaunti ya sarafu nyingi

Akaunti hii ya sarafu nyingi nimeitumia kwa mwaka na miezi miwili sasa. Nalipwa kwa dola, gharama zangu nyingi za kazi ni za yuro, na mara mojamoja hununua kitu kwa pauni. Zamani kila malipo yalipoingia yalibadilishwa papo hapo, nitake nisitake. Siku hizi dola zinabaki dola mpaka nitakapoamua mwenyewe. Kwa hilo nimeridhika sana. Ninachotaka kueleza hapa ni taarifa ya akaunti inayotoka kila mwisho wa mwezi, maana humo ndimo nilimokuta yuro 5.48 zimepotea, na wala hazikupotea mahali nilipozoea kuangalia.

Taarifa yenyewe ni moja, lakini ndani yake kuna kurasa za USD, za EUR na za GBP, na kila sarafu ina salio lake la kuanzia, miamala yake na salio lake la mwisho. Hizi ni kama daftari tatu zilizofungwa pamoja. Mwishoni kabisa kuna mstari unaojumlisha zote tatu kwa dola. Mstari huo ndio unaovuta macho, nao ndio usiofaa kabisa kwa uhakiki. Unapiga thamani ya yuro na pauni kwa kiwango cha siku ya kufunga mwezi, kwa hiyo unapanda na kushuka hata kama hujagusa senti.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuzihakiki daftari moja moja. Unachukua salio la kuanzia la sarafu hiyo, unajumlisha yaliyoingia, unatoa yaliyotoka, na unapaswa kufika kwenye salio la mwisho bila tofauti ya hata senti moja. Ndani ya sarafu moja hakuna kiwango cha kubadilishia, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kukadiria. Nilipofanya hivyo kwa yuro za mwezi ule, nilianza na 340.00, zikaingia 1,090.61 kutokana na dola nilizobadilisha, zikatoka 780.25 nilizomlipa msambazaji wangu. Nikapata 650.36, na taarifa nayo iliandika 650.36. Upande wa dola pia ulikubali. Ningeishia hapo, ningesema kila kitu kiko sawa.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba kilichoandikwa kimejumlishwa vizuri. Haithibitishi kwamba kiasi kilichoandikwa ndicho kilichostahili kuandikwa. Mstari wa kubadilisha fedha ukiingizwa na kiasi pungufu, salio litajumlika vizuri tu juu ya kiasi hicho pungufu. Ndiyo maana mistari ya kubadilisha inahitaji uhakiki wake peke yake.

Kila unapobadilisha fedha, muamala mmoja unaacha mistari miwili: mmoja wa kutoa kwenye daftari la sarafu uliyouza, mwingine wa kuingiza kwenye daftari la sarafu uliyonunua. Hapa nawasifu watoa huduma hawa, kwani mistari yote miwili hubeba namba ileile ya muamala, na unaweza kuitafuta na kuikuta pande zote mbili. (Mwezi mmoja nilibadilisha usiku wa manane siku ya mwisho wa mwezi, upande wa dola ukaandikwa tarehe 31 na upande wa yuro tarehe 1. Nilipokosa mstari wa pili nilishtuka, kumbe ulikuwa kwenye taarifa iliyofuata.)

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe. Nilikuwa nimebadilisha dola 1,200.00. Upande wa USD uliandika zimetoka 1,200.00, ndani yake ada ya 6.00, yaani asilimia 0.5, kiwango 0.9180. Upande wa EUR uliandika zimeingia 1,090.61. Ada hukatwa kwanza, halafu kinachobaki ndicho kinachobadilishwa. Kwa hiyo dola zilizobadilishwa ni 1,194.00, na ukizidisha kwa 0.9180 unapata yuro 1,096.09. Kilichoingia kilikuwa pungufu kwa 5.48.

Kabla ya kulalamika nilijiuliza kama ni suala la kukadiria desimali. Kiwango kwenye taarifa ya PDF kimeandikwa kwa tarakimu nne tu baada ya nukta, na huenda kiwango halisi kilikuwa na tarakimu zaidi. Swali hili lina jibu la hesabu. Tarakimu nne zinaweza kuficha tofauti isiyozidi 0.00005 kwa kila dola. Kwa dola 1,194 hiyo ni kama senti sita za yuro. Tofauti yako ikiwa senti mbili au tatu, iache, ni kukadiria tu. Yuro tano na ushee haziwezi kutokana na hilo.

Kilichonisaidia kujua chanzo ni kwenda kinyumenyume. Nilichukua 1,090.61 nikaigawa kwa 0.9180, nikapata dola 1,188.03. Hizo ndizo dola zilizobadilishwa kweli, siyo 1,194.00. Pengo ni 5.97, na 5.97 ni asilimia 0.5 ya 1,194.00. Yaani ada ilikatwa mara ya kwanza kutoka 1,200.00 ikaandikwa wazi, kisha ikakatwa tena kutoka kwenye kilichobaki bila kuandikwa popote. Ukishafika hapo huna dukuduku tena, una ushahidi.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilisema: "Ndugu mteja, tumepitia taarifa yako na salio la kila sarafu ni sahihi." Walikuwa wamefanya uhakiki uleule wa kwanza, wa kujumlisha na kutoa. Sikubishana juu ya salio. Niliwatumia namba ya muamala, mistari yote miwili, na hesabu ya kurudi nyuma mpaka 1,188.03. Siku nne baadaye walikubali kosa na kurudisha yuro 5.48. Nadhani lile la kurudi nyuma ndilo lililowashawishi, kwa sababu lilionyesha kosa lilivyotokea, si kwamba nimekosa hela tu.

Turudi kidogo kwenye ule mstari wa jumla, kwa sababu nilikuja kuona jinsi ambavyo ungenipoteza. Yuro 650.36 kwa kiwango cha 0.9180 zina thamani ya dola 708.45. Kiwango kikisogea hadi 0.9250, yuro zilezile zinakuwa dola 703.09. Dola tano na ushee zimeondoka kwa kusogea kwa soko peke yake, karibu sawa na zile zilizoondoka kwa kosa. Ukitazama jumla tu huwezi kutofautisha kosa na soko.

Jambo la pili lililonisumbua mwezi huohuo halikuwa kosa, ila nusura niliite kosa. Nilikuwa na pauni 62.30, nikalipa kwa kadi kitu cha pauni 85.00. Nilitegemea pauni zangu zote zitatumika na zilizopungua zitatoka kwenye dola. Taarifa ilipokuja, daftari la GBP lilikuwa halina muamala hata mmoja: lilianza na 62.30 likaisha na 62.30. Nilidhani malipo hayajaandikwa. Nilipopekua kurasa za USD nikayakuta: dola 107.95 kwa kiwango cha 1.2700, na ada ya 0.54 chini yake. Kwa akaunti hii, salio la sarafu ya malipo lisipotosha kiasi chote, hawaligusi kabisa. Malipo yote yanachukuliwa kwenye sarafu nyingine na kubadilishwa hapohapo. Kwa hiyo nililipa ada juu ya pauni 85 zote, wakati nilipungukiwa 22.70 tu. Ningejua mapema, ningenunua pauni 22.70 kwanza. Utaratibu huu umeandikwa kwenye masharti yao, lakini si watoa huduma wote wanaofanya hivyo, kwa hiyo angalia wako anafanyaje.

Mstari wa kadi wa namna hiyo una upekee wake: hauna mwenzake kwenye daftari la pauni, kwa sababu pauni zimekwenda moja kwa moja kwa muuzaji. Ukiutafutia upande wa pili utahangaika bure. Hapo hakiki kiwango na ada tu: 85.00 mara 1.2700 ni 107.95 kweli, na asilimia 0.5 yake ni 0.54.

Siku hizi sitegemei PDF. Napakua faili la CSV, ambalo linatoa kiwango kwa tarakimu sita, na nimetenga lahajedwali lenye safu nne: kiasi kilichotoka, ada, kiwango, na kiasi kilichoingia. Safu ya tano ina fomula hii, na inapaswa kutoa sifuri, au senti moja ikizidi sana:

```
=ROUND((A2-B2)*C2,2)-D2
```

Kitu kimoja cha kuangalia kabla ya kuiamini fomula: mwelekeo wa kiwango. Nikinunua yuro kwa dola, wanaandika 0.9180, yaani yuro kwa kila dola, na nazidisha. Nikiuza yuro nipate dola, mara nyingine wanabakiza kiwango cha mwelekeo uleule, na hapo inabidi kugawa. Ukikosea utapata tofauti kubwa mno, mamia ya dola, na ukubwa wenyewe ndio utakaokuonya kwamba umegeuza kiwango, hujaibiwa.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ile ada iliyokatwa mara mbili na jibu la kwanza la haraka. Nyingine nimeitoa kwa namna walivyorekebisha: zile 5.48 ziliingia kwenye kurasa za EUR zikiwa na neno "Marekebisho" tu, bila namba ya muamala wa awali. Nimewaomba waiongeze. Mpaka naandika haya bado mstari ule umesimama peke yake, na nimeuandikia namba hiyo mwenyewe kwenye lahajedwali langu.