Kidari cha kuku au steki ya ng'ombe: kipi kikaangwe kwa chenga za mkate?

Kidari cha kuku kina shida moja: upande mmoja ni mnene, ncha nyembamba. Ukikikaanga hivyo, ncha inakauka huku katikati bado pabichi. Kwa hiyo mimi hukipasua ubapa, nakifunika kwa mfuko wa nailoni na kukigonga taratibu kwa mchi, kuanzia katikati kuelekea pembeni, mpaka unene uwe kama sentimita 1 kote. Ukigonga kwa hasira kinachanika.

Ng'ombe ni kinyume chake, anataka kipigo. Kata steki ukikatisha nyuzi, kisha gonga hadi nusu sentimita. Nyuzi zikivunjika, meno hayahangaiki. Nyama ya mguu yenye mishipa usiijaribu hapa. Hiyo ni ya kuchemsha.

Mengine ni yale yale: kausha nyama kwa kitambaa, kisha ipitishe kwenye unga, yai, chenga. Nyama ikiwa na maji, ganda linavimba na kubanduka kikaangoni. Mafuta yafike nusu sentimita. Dondosha chenga moja, ikichemka papo hapo, weka nyama.

Kuku anataka kama dakika 3 kila upande, na maji yake yatoke meupe, si ya waridi. Ng'ombe dakika moja na nusu zinatosha, ukichelewa anakuwa kiatu.

Nikiwa na wageni wengi nachagua kuku, maana anavumilia kusubiri mezani. Ng'ombe namkaanga watu wakiwa wameshakaa.