Hereni zilizoiumbua Portrait ya simu yangu

Nilikuwa naiamini sana Portrait, ile hali ya kamera inayopaka ukungu nyuma ya mtu, mpaka siku ya send-ofu ya mdogo wangu. Alikuwa amesuka rasta nyembamba na kuvaa hereni kubwa za duara, nikampiga picha uani, nyuma yake viti vyekundu vya plastiki. Kwa haraka picha ilipendeza. Nilipoikuza, nikaona wekundu wa viti ndani ya duara la hereni uko wazi kabisa, ilhali nje ya duara umefifia. Rasta mbili za pembeni zimeliwa na ukungu katikati.

Simu inakisia tu kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, inachora mpaka, kisha inapaka ukungu nje yake. Kwenye tundu la hereni, nywele zilizotimka au glasi ya soda, makisio hayo hukwama. Niliingia kwenye kuhariri, nikasogeza namba ya ukungu kutoka f/2.8 hadi f/8, ukungu ukapungua. Kosa lilibaki, ila halikuvuta jicho tena.

Video yenye ukungu wa kisinema ndiyo ilinichosha zaidi, kwa sababu mpaka ule unachorwa upya muda wote. Kila alipogeuza kichwa, ukingo wa nywele ulichezacheza. Siku hizi naitumia kwa mtu aliyetulia kitini, basi.

Nikarudi kwenye picha ya kawaida. Mdogo wangu alikuwa mita 1 tu mbele ya viti. Nikamsogeza mpaka vikabaki mita kama 8 nyuma yake. Nikabonyeza 3x, yaani lenzi ya kuvuta, nikasimama mita 2 kutoka kwake. Viti vililainika, na kwa kuwa lenzi hiyo inaona kipande chembamba cha nyuma, vingi vilitoka nje ya picha. Ukungu wenyewe ni wa wastani, maana tundu la lenzi ya simu ni milimita chache. Usitarajie ule wa kamera kubwa. Lakini kila rasta ilikuwa mahali pake.

Tahadhari: mwanga ukipungua, au ukimkaribia mtu mno, simu inaweza kuiacha lenzi ya 3x kimyakimya na kukata kipande cha picha ya lenzi kuu. Mimi huiziba lenzi ya 3x kwa kidole. Kioo kisipoingia giza, najua nimechezewa. Simu isiyo na lenzi ya kuvuta nayo hukata tu, haikuongezei ukungu.

Mwisho nikataka hereni peke yake. Hapo nilitumia 1x, yaani lenzi kuu, simu sentimita 20 hivi kutoka sikioni, nikagusa hereni kwenye kioo ili fokasi ikae hapo. Kitu kidogo kikiwa karibu hivyo, nyuma hufifia sana bila ujanja wowote. Safari hii hata ndani ya duara, viti vilikuwa doa jekundu tu.