Vijiko sita vya fedha vya "1765" nilivyonunua mtandaoni, nyota 1 tu

Nimekaa na hivi vijiko wiki mbili kabla ya kuandika, sikutaka kumwonea muuzaji. Tangazo lilisema vijiko sita vya mezani vya fedha, London 1765, seti kamili, na picha za mihuri zilikuwa safi kabisa. Vimefika vimefungwa vizuri, hapo sina neno.

Kwa wasiojua, mihuri minne ya London ya miaka hiyo kila mmoja una kazi yake. Simba anayetembea, kichwa kimegeuka kukutazama, anasema fedha ni safi kwa sehemu 925 kwenye 1000. Kichwa cha chui chenye taji ni ofisi ya London iliyopima (taji liliondolewa 1821, kwa hiyo ukimkuta chui hana taji kwenye kitu kinachodaiwa ni cha 1765, shtuka). Herufi ndiyo mwaka, na hapa ni K kubwa ya maandishi ya kizamani yenye makona, mzunguko ulioanza na A mwaka 1756 na haukuwa na J, ukihesabu unafika 1765. Wa nne ni herufi za jina la mfua fedha mwenyewe. Kichwa cha mfalme hakipo na hakitakiwi kuwepo, hicho ni cha kodi na kilianza 1784.

Kwa hiyo ukisoma tu, kila kitu kinakubaliana, na hapo ndipo watu wengi wanaishia. Kosa! Mihuri ya kusubu inasomeka vizuri kwa sababu imetoka kwenye kijiko halali, mtu anachukua kijiko kimoja cha kweli anatengeneza kalibu anamimina fedha, mihuri inatoka humo humo pamoja na kijiko. Na usitegemee dawa ya tindikali ya kupimia fedha, ya kwangu ilisema fedha na ni fedha kweli, ila dawa haijui kijiko kimezaliwa lini.

Kilichonishtua ni pale nilipovipanga vyote sita kifudifudi. Zama hizo mihuri ilipigwa chini ya mpini karibu na bakuli la kijiko, mmoja mmoja, kwa mkono, na mpini hapo ni mwembamba, kwa hiyo kwenye seti ya kweli hakuna vijiko viwili vinavyofanana, huku simba kakatwa miguu, huku K imelala upande, halafu mfua fedha alikuwa anaugonga tena mpini uliopanuka ili urudi umbo lake na mihuri inapindika zaidi. Vyangu? Simba yuko pale pale kwenye vyote sita, K imeinama vile vile, na kuna mkwaruzo mdogo unaopita juu ya taji la chui ambao upo kwenye vijiko VYOTE. Mkwaruzo ni ajali jamani, hauwezi kutokea mara sita mahali pale pale. Huo ni wa kile kijiko mama.

(Kwa vijiko vya mwisho wa karne ile na kuendelea nenda taratibu na hiki kipimo, maana mihuri ya ofisi ilikuja kupigwa kwa pamoja ikiwa mstari, kwa hiyo kufanana kwake peke yake hakutoshi.)

Nikamwandikia muuzaji, akajibu mihuri imelika kwa kusuguliwa miaka mingi. Nikachukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 nikaangalia upya. Muhuri uliopigwa kwa chuma ukilika unalika kuanzia juu, ila kule chini shimoni kitambaa hakifiki, unakuta sakafu yake bado laini na kona zake bado kali. Hivi vyangu ni butu mpaka chini, kona zote za mviringo kama sabuni iliyotumika, na ndani ya umbo la simba kuna vitundu vidogo vidogo kama vya sindano, vile vinavyobaki fedha ikipoa kwenye kalibu. Fedha iliyofuliwa kwa nyundo imeshindiliwa, haiwi na vitundu hivyo. Hata mpini ukiubonyeza kidogo kwa kidole haurudi kwa nguvu kama kijiko cha kufuliwa, unalegea tu.

Nilimtumia picha za mikwaruzo sita pembeni kwa pembeni na hakubishana tena, pesa imerudi siku ya tatu, ila tangazo lingine la "1765" lenye K iliyoinama vile vile naliona bado lipo kwenye ukurasa wake. Kabla hujalipa mwombe picha ya mihuri ya kila kijiko, sio kimoja.