Aliyezaliwa mpakani mwa nyota: umsome kwa mpaka au kwa dekani?

Binamu yangu wa Kisumu alizaliwa tarehe 22 Agosti 1996, magharibi ikiingia. Kila akipata mchumba ubishi huanza upya: yeye ni Simba au Mashuke?

Wanaosoma kwa mpaka humpa nyota zote mbili. Ni rahisi, tarehe tu inatosha. Kwa mchumba wake wa Nge, Simba huleta mvutano na Mashuke huleta maelewano, basi wanachanganya. Tatizo ni kwamba jibu la namna hiyo halikosei kamwe. Ukigombana ni Simba, ukipatana ni Mashuke.

Dekani ni theluthi ya nyota, digrii 10, na jua huipita kwa siku kama kumi. Hapa lazima ujue saa. Siku hiyo jua liliingia Mashuke baada ya saa nne usiku, saa za Kenya, kwa hiyo binamu ni Simba wa dekani ya tatu, inayotawaliwa na Mirihi. Mirihi ndiyo mtawala wa jadi wa Nge. Mvutano unabaki, ila wote wawili wana moto uleule, na hilo mpaka haukulionyesha. (Sayansi haijathibitisha lolote kati ya haya, shangazi asikie.)

Kama mama anakumbuka tu "usiku fulani," dekani itakupotosha. Tumia mpaka, kwa tahadhari. Kama kadi ya kliniki ina saa, mimi ningeanza na dekani.