Jipu la ini au kifuko cha tegu ya mbwa?

Mfugaji kutoka Usangu, Mbeya, analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Ultrasaundi inaonyesha duara jeusi la sentimita 8 kwenye ini. Kabla ya kushika sindano, angalia ukuta.

Ukuta wa jipu huwa hauna mpaka safi: mnene hapa, mwembamba pale, umeyeyukia kwenye ini. Wa kifuko ni laini, na mara nyingi huonekana kama mistari miwili sambamba.

Ndani, usaha wa jipu hutoa ukungu wa kijivu, ingawa jipu changa linaweza kuonekana kama nyama ngumu. Maji ya kifuko ni meusi kabisa. Mgeuze mgonjwa ubavu: chembe nyeupe zikipeperuka kama theluji, huo ni mchanga wa tegu.

Vifuko vitoto ndani ya kifuko mama, vikibanana kama sega la nyuki, karibu vinamaliza ubishi. Visipokuwepo, bado usikiondoe kifuko kwenye hesabu.

Mtego ni kifuko kilichooza: homa ipo, ukungu upo, kinafanana na jipu. Tafuta utando uliobanduka unaoelea ndani. Ukiuona, usichome kiholela. Maji yakivuja, mzio mkali unaweza kuua.